Kwa Nini Meringi Hutokwa Jasho

Meringi ni povu la ute mweupe wa yai na sukari, lililookwa kwa moto mdogo. Ute wa mayai manne huchukua takriban gramu 200 za sukari laini. Hupigwa kwanza hadi povu lisimame na ncha yake ilale, ndipo sukari iongezwe kijiko kimoja kimoja. Ikimwagwa yote kwa mkupuo, povu hulemewa na punje hubaki bila kuyeyuka. Likisuguliwa kati ya vidole, lisikwaruze: punje zilizobaki huvuta maji na kutoa matone ya shira.

Hata iliyopigwa vizuri hulainika na kunata Mombasa wakati wa masika, kwa kuwa sukari hunyonya unyevu wa hewani. Ipoe ndani ya oveni, kisha ifungiwe kwenye kopo lisilopitisha hewa. Isiwekwe kwenye friji.