Karata zilizotupwa katika rami

Katika rami ya jini, wachezaji wawili hupewa karata 10 kila mmoja kutoka pakiti moja ya karata 52. Mpinzani akiokota nane ya kopa iliyotupwa, huenda anakusanya nane tatu au mfululizo wa kopa. Ikiwa nane mbili nyingine zimeshatupwa na kufunikwa, imebaki moja tu, hivyo kundi la nane haliwezekani. Asipokuwa anadanganya, anajenga mfululizo. Saba na tisa za kopa zisitupwe.

Rami ya Kihindi, ya karata 13, kwa kawaida hutumia pakiti mbili na majokari. Kila karata ina pacha wake, na hesabu hiyo hulegea. Katika rami ya 500, zilizotupwa hutandazwa wazi, hivyo hakuna cha kukariri. Mwenye kumbukumbu nzuri hufaidi zaidi kwenye jini.