Jaza Hadi Alama, Baada ya Kupoa

Mwalimu anataka robo lita ya mmumunyo wa sodiamu haidroksaidi wenye mola 1 kwa lita. Mola moja ina gramu 40, hivyo pima gramu 10, tena upesi, kwa sababu punje zake hufyonza unyevu wa hewani. Ziyeyushe katika bika lenye maji kiasi. Mmumunyo utapata moto; usubiri upoe, umimine kwenye chupa ya ujazo, suuza bika humo humo, kisha ongeza maji hadi kwenye alama. Ukiipita alama, anza upya: kumwaga kilichozidi hakusaidii, kwani dawa nayo hutoka.

Akitaka mola 0.1, vuta kwa pipeti mililita 25 za mmumunyo huo, uongeze maji hadi mililita 250. Ujazo umekua mara 10, ukali umepungua mara 10.