Banka: Piga Mchanga, Mpira Utatoka Wenyewe

Mwaka 1932 Mmarekani Gene Sarazen alishinda Mashindano ya Wazi ya Uingereza yaliyochezwa katika uwanja wa Prince's, karibu na mji wa Sandwich. Katika mfuko wake wa fimbo za gofu kulikuwa na moja aliyoitengeneza mwenyewe. Alikuwa amelehemu chuma cha ziada chini ya kichwa chake, mpaka kitako kikawa kinene na sehemu yake ya nyuma ikashuka chini kuliko ukingo wa mbele. Alisimulia baadaye kwamba wazo hilo lilimjia alipotazama jinsi mkia wa ndege unavyorekebishwa ili ndege ipae.

Kabla ya hapo, wengi walijikwamua kutoka kwenye mashimo ya mchanga, yaani banka, kwa fimbo zenye ukingo mwembamba. Ukingo ule ulifanya kazi kama jembe: ukiingia mchangani unachimba, na ukichimba unanasa. Kitako cha Sarazen kiliugusa mchanga kabla ya ukingo, kikateleza badala ya kuzama. Fimbo ya namna hiyo leo huitwa sandiweji, na ule mwinamo wa kitako chake wachezaji huuita baunsi. Sandiweji nyingi zina baunsi ya nyuzi 10 hadi 14.

Mambo yote anayofundishwa mchezaji kuhusu banka yanatokana na kitako hicho. Fimbo haikusudiwi kuugusa mpira. Inapita chini yake, inarusha utando wa mchanga, na mchanga huo ndio unaoubeba mpira nje.

Tuchukue mfano mmoja. Mchezaji anatumia mkono wa kulia. Mpira wake umekaa vizuri juu ya mchanga mkavu, kingo za banka zina kimo cha kiunoni, na shimo liko mita 10 mbele, kwenye grini.

Fungua uso kwanza, kisha shika

Kabla ya kushika mpini sawasawa, mchezaji anauzungusha kidogo kuelekea kulia mpaka uso wa fimbo utazame angani zaidi kuliko unavyotazama shimo. Huku ndiko kufungua uso. Uso ukifunguka, kitako hushuka na ukingo wa mbele huinuka, hivyo fimbo inakuwa tayari kuteleza.

Utaratibu ni muhimu. Uso hufunguliwa kwanza, halafu ndipo mikono inashika. Wengi hufanya kinyume: hushika kama kawaida, kisha huipinda mikono ili uso ufunguke. Fimbo inaposhuka kwa kasi, mikono hurudi katika hali yake ya asili, uso unajifunga, na ukingo unachimba tena. Kwa mtazamaji alionekana kufungua uso, lakini mchangani aliingia na uso uliofungwa.

Uso uliofunguliwa huelekea kulia kwa shimo, kwa hiyo mchezaji anageuza miguu na mabega kidogo kushoto. Miguu inapanuliwa kuliko kawaida na kuzamishwa kidogo mchangani ili isiteleze. Mpira unakuwa karibu na usawa wa kisigino cha kushoto, na uzito wa mwili unaegemea mguu huohuo. Uzito ukibaki kulia, fimbo hugusa mchanga mbali mno nyuma ya mpira, au huwa imeshaanza kupanda inapoufikia na kuupiga tumboni.

Sentimita 5 nyuma ya mpira

Macho sasa hayatazami mpira. Yanatazama mchanga ulio sentimita 5 nyuma yake, takriban upana wa vidole vitatu. Hapo ndipo fimbo iingie. Mpira wa gofu wenyewe una kipenyo cha zaidi kidogo ya sentimita 4, kwa hiyo nafasi hiyo inauzidi mpira mmoja kwa kiasi kidogo tu.

Fimbo ikiingia hapo inatembea chini ya mpira na kutokea mbele yake, ikiacha mkwaruzo mrefu usio na kina. Ikiingia sentimita 10 nyuma, mchanga unaobebwa unakuwa mwingi mno na mpira unaruka hatua moja na kubaki bankani. Ikiingia karibu mno au ikaugusa mpira kwanza, mpira hutoka kwa kasi na kuvuka grini yote.

Kwa kuwa mchanga hula sehemu kubwa ya nguvu, mita 10 za bankani zinahitaji pigo refu mara mbili au zaidi ya lile la mita 10 kwenye nyasi. Katika mfano wetu, mikono inapanda mpaka usawa wa bega. Shimo likiwa mbali zaidi, mchezaji anaongeza urefu na kasi ya pigo. Mahali pa kuingilia hapabadiliki.

Malizia mpaka juu

Makosa mengi hutokea baada ya fimbo kugusa mchanga. Mchezaji anahisi uzito wa mchanga, anaogopa kwamba amepiga kwa nguvu mno, na mikono inasimama. Kichwa cha fimbo hupungua kasi, hakitelezi tena, kinazama. Mpira hauendi popote.

Dawa yake ni kuendelea kuzunguka. Pigo linapokwisha, kifua kinatazama shimo, karibu uzito wote uko mguu wa kushoto, na mikono imepanda karibu na bega la kushoto. Viganja havipinduki kuufunga uso wa fimbo wakati inapopita mchangani. Uso unaendelea kutazama juu. Mchezaji aliyemaliza mikono ikiwa kiunoni kwa kawaida alikuwa ameanza kupunguza kasi kabla fimbo haijatoka mchangani.

Njia hii ina mipaka. Baada ya mvua za masika, mchanga hushikamana na kuwa mgumu. Hapo kitako kilichofunguliwa sana hudunda juu yake na ukingo hupiga mpira katikati, kwa hiyo uso unafunguliwa kidogo tu. Mpira ukizama nusu mchangani, uso haufunguliwi kabisa. Ukingo unaachwa uchimbe kwa makusudi, pigo linaelekezwa chini kwa nguvu, na umaliziaji unakuwa mfupi. Mpira utatoka, lakini utabiringika mbali ukifika kwenye grini.

Kuna pia sheria. Katika mchezo halisi hairuhusiwi kugusa mchanga ulio mara tu mbele au nyuma ya mpira kabla ya kupiga, wala kuugusa kwa pigo la majaribio au wakati fimbo inarudi nyuma. Adhabu ni mapigo mawili katika mashindano ya kuhesabu mapigo. Ndiyo maana fimbo hushikiliwa hewani, juu ya mchanga.

Kwenye banka ya mazoezi unaruhusiwa kuugusa. Chora mstari mrefu mchangani, simama ukiwa umeuweka usawa wa kisigino cha kushoto, kisha piga bila mpira ukisogea mbele kando ya mstari baada ya kila pigo. Halafu kagua alama. Zikianza mbali nyuma ya mstari, uzito wako umebaki kulia. Zikiwa fupi na zenye kina, umefunga uso au umesimamisha mikono. Usiweke mpira mpaka alama zako zianzie kwenye mstari pigo baada ya pigo. Ukiuweka, uweke sentimita 5 mbele ya mstari, na jicho lako libaki kwenye mstari.