Bei Inaposhuka, Mapato Yakapanda

Desemba 2021 Netflix ilishusha bei zake nchini India. Kifurushi cha msingi kilichokuwa rupia 499 kwa mwezi kikawa 199, na kile cha simu pekee kikatoka 199 hadi 149. Siku hizo dola moja ilikuwa rupia 75 hivi benki. Lakini ukilinganisha bei za chakula, nauli na kodi ya nyumba, kama Benki ya Dunia inavyofanya, kinachonunuliwa Marekani kwa dola moja kilipatikana India kwa rupia 20 na kitu. Kifurushi cha msingi cha Marekani kilikuwa karibu dola 9: kwa bei ya benki ni rupia 675, kwa uwezo wa kununua ni kama 200.

Hesabu hiyo huonyesha tu pa kuanzia. Mshindani, Disney+ Hotstar, alikuwa akitoza rupia 499 kwa mwaka mzima kwa wanaotazama kwenye simu, na mteja wa Mumbai hulinganisha na huyo, si na Marekani.

Ugumu unaanza hapa. Kutoka 499 hadi 199, kampuni inahitaji wateja wawili na nusu pale alipokuwapo mmoja ili mapato yasipungue. Kinachoipa nafuu ni kwamba filamu ikishatengenezwa, mtazamaji mmoja zaidi hagharimu kitu kikubwa. Tena mpangilio wenyewe ulikuwa wa akili: aliyekuwa akilipa 199 kwa simu pekee sasa angeweza, kwa pesa ileile, kutazama kwenye televisheni. Akihamia huko, kampuni haimpotezi hata rupia moja.

Mwaka 2022 mapato ya India, ukiondoa mabadiliko ya thamani ya sarafu, yalikua kwa asilimia 24. Mwaka uliotangulia yalikuwa yamekua kwa 19. Ilhali wastani wa mapato kwa kila mteja wa Asia na Pasifiki ulishuka kutoka dola 9.26 katika robo ya mwisho ya 2021 hadi 7.69 mwaka mmoja baadaye, ingawa kuimarika kwa dola nako kulichangia. Anayesoma wastani peke yake ataona biashara inayodorora. Wateja wapya wanaolipa kidogo huuvuta chini hata kama hakuna wa zamani aliyepunguza malipo, kwa hiyo jumla ya mapato isomwe pamoja nao.

Hatari ya kweli ni bei nafuu kuvuja. Mtu wa nchi tajiri hujificha nyuma ya VPN na kujisajili kama mkazi wa nchi nyingine. Mwaka 2024 YouTube ilianza kufuta usajili wa namna hiyo. Kinga iliyo imara zaidi ni kudai njia ya malipo ya nchi husika.

Mapema 2023 Netflix ilishusha bei katika nchi zaidi ya 100, Kenya ikiwamo. Kwa pamoja nchi hizo zilikuwa zimeleta chini ya asilimia 5 ya mapato yake ya 2022. Kwa Ujerumani au Uingereza, ambako mamilioni tayari wanalipa bei kamili, jaribio kama hilo lingeigharimu sana.