Je, Wajua? Filimbi hushusha noti pumzi inapolegea

Mpiga filimbi ya okestra akififisha sauti polepole mwishoni mwa wimbo, noti yenyewe huteremka, ingawa vidole havijasogea. Sababu ni kwamba mkondo wa hewa unaogonga ukingo wa tundu la kupulizia umepungua kasi. Kupuliza kwa nguvu hakufai, maana sauti itakuwa kubwa tena. Mpigaji stadi hukaza misuli ya tumbo ili msukumo usilegee, hubana mwanya wa midomo, kisha husogeza taya mbele kidogo ili hewa iinuke. Akiielekeza chini mno, noti hushuka na sauti husongwa. Akiiinua kupita kiasi, sauti hukonda na kujaa mvumo wa pumzi. Jaribu noti moja ndefu mbele ya kipima noti: mshale usishuke hadi sauti iishe.