Bango Likichapwa Kubwa, Picha Isiwe Ukungu

Picha iliyotengenezwa kwa akili mnemba hupendeza kwenye simu, kisha ikichapwa kwenye bango ikageuka ukungu. Wengi humlaumu mchapaji, kumbe mara nyingi kasoro ilianza pale picha ilipoagizwa kwa maneno.

Chukua bango la maonyesho ya wasusi, ukubwa wa A2, yaani sentimita 42 kwa 59.4, lenye picha ya kikapu cha ukili. Tuseme limetengenezwa kwa Stable Diffusion XL, ambayo hutoa picha ya wima ya pikseli 832 kwa 1216. Ukiitandaza picha hiyo kwenye A2, kila inchi inapata pikseli kama 50 tu, wakati bango la kutazamwa kwa karibu linataka kama 200. Kwa hiyo picha hukuzwa mara nne kwa programu ya kukuzia, nayo inafika pikseli 3328 kwa 4864, sawa na kama 200 kwa inchi. Hesabu imetimia, lakini ukali bado haujapatikana. Programu ya kukuzia hufuata alama ilizozikuta. Ikikuta nyuzi zinazoonekana, huzinyoosha vizuri. Ikikuta vurugu, huikuza vurugu hiyohiyo au huilainisha ikafanana na plastiki. Undani wa bango lazima uwemo tangu kwenye picha ndogo.

Ndiyo maana jambo la kwanza la kuandika kwenye agizo ni nafasi ambayo kitu kitachukua. Modeli hii huchora kwanza katika umbo lililobanwa, ambamo kila kijichumba kinasimamia pikseli 8 kwa 8, kwa hiyo alama nyembamba mno hazishikiki. Kikapu chenye upana wa sentimita 30 kikijaza pikseli 700, ukindu wa nusu sentimita unapata pikseli kama 12, na hizo zinatosha kuonyesha kingo zake. Ukiagiza kibanda cha sokoni chenye vikapu vingi, kila kimoja pikseli 100, ukindu uleule hauzidi pikseli mbili. Hapo hakuna neno litakaloweza kuuokoa.

La pili ni kuueleza mguso wenyewe. Wengi huandika “kikapu kizuri, chenye undani wa hali ya juu, 8K”. Neno 8K haliongezi hata pikseli moja. Linavuta tu mwonekano wa picha zilizowahi kuandikwa hivyo, na mara nyingi huleta mng’ao wa bandia na kingo kali kupita kiasi. Afadhali kuandika hivi: “Kikapu kimoja cha ukili kimejaza picha, kimetazamwa kutoka mbele. Kindu bapa zimepishana kimshazari, juu na chini. Zina mistari myembamba ya urefu, rangi ya majani makavu, na chache zimechanika ncha. Mshono unaonekana kati ya ukili na ukili. Mwanga wa jua la asubuhi unatoka kushoto, chini chini. Kikapu chote kiko wazi, ukuta wa nyuma ni wa chokaa, hauna pambo.” Mwanga wa ubavuni una kazi yake: kila ukindu hutupa kivuli kidogo kwa jirani yake, na kivuli hicho ndicho jicho hukisoma kuwa ni mguso. Modeli hii inaelewa zaidi Kiingereza, basi maelezo hayo yatafsiriwe kabla ya kuyaingiza.

La tatu hujitokeza wakati wa kukuza. Njia moja huigawa picha vipande vipande na kuchora kila kipande upya kwa kufuata agizo. Ukiacha agizo lote kama lilivyo, kipande cha ukuta mtupu nacho kitatafuta kikapu, na utakuta vikapu vidogo vimeota kwenye chokaa. Katika hatua hii bakiza maneno ya mguso tu: ukindu mkavu, mistari myembamba, chokaa kavu. Kiwango cha kuchora upya kikae karibu na 0.25, kikipanda hadi 0.5, ususi huanza kubadilika kutoka kipande hadi kipande.

Kabla ya kulipia bango, ikuze picha hadi asilimia 100 kwenye kompyuta, ufuate ukindu mmoja kwa jicho. Ukizama chini ya mwenzake ukaibuka upande wa pili, ni sawa. Ukiyeyuka katikati, rudi kwenye agizo. Kisha kata robo ya picha, uichape kwenye A4 bila kubadilisha kipimo chake, uitazame ukiwa umbali ambao watu watasimama.

Hata hivyo, modeli huiga sura ya ususi bila kuzijua kanuni zake. Mpita njia hatagundua, ila msusi atauona papo hapo upishano usiowezekana. Bango likiwa la kuuza kikapu fulani chenyewe, kipigie picha kwa kamera.