Ng'onda: Kubadilisha Maji Ndiko Kunakopunguza Chumvi, Si Kuloweka kwa Saa Nyingi

Samaki ng'onda, yaani samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani, ni kitoweo cha kawaida katika nyumba nyingi za Unguja, Pemba na mwambao wa Tanzania na Kenya. Bahari inapochafuka na samaki wabichi kuadimika, ng'onda na papa mkavu ndio hutegemewa kwa mchuzi wa nazi unaoliwa kwa wali, ugali au muhogo. Hata hivyo, chumvi ile ile inayomkinga samaki huyo asioze ndiyo inayomfanya asifae kutiwa mchuzini kama alivyotoka sokoni.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku kutoka katika vyakula vyote anavyokula, kiasi ambacho ni pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Chumvi ikizidi kwa muda mrefu hupandisha shinikizo la damu, na shinikizo hilo ndilo linaloandaa njia ya kiharusi na maradhi ya moyo na figo.

Chukuliwe mfano wa familia ya watu sita iliyonunua gramu 300 za ng'onda aliyekolea chumvi, tuseme gramu 15 za chumvi katika kila gramu 100 za samaki. Ndani ya vipande hivyo mna gramu 45 za chumvi. Vikitiwa mchuzini bila kulowekwa, kila mlaji atapata gramu 7.5 katika mlo mmoja, yaani zaidi ya kiasi cha siku nzima, kabla ya kuhesabu chumvi iliyomo katika wali, mkate na vyakula vingine.

Kwa nini maji hubadilishwa

Chumvi husafiri kutoka mahali ilikozidi kwenda mahali ilikopungua. Samaki anapotumbukizwa katika maji yasiyo na chumvi, nyama yake huvimba kwa kunywa maji, na chumvi huanza kutoka nje. Safari hiyo huwa ya kasi mwanzoni, kisha hupungua kadiri maji ya bakuli yanavyozidi kuwa ya chumvi. Ukali wa chumvi ndani ya nyama na nje yake unapolingana, hakuna tena kinachopungua, hata samaki akikaa humo hadi asubuhi. Ndiyo sababu mpishi aliyeloweka usiku kucha katika maji yale yale hushangaa kukuta samaki bado mkali.

Hesabu ya familia iliyotajwa hapo juu inaonesha tofauti hiyo. Tuseme vipande vikishavimba vinabeba takribani mililita 300 za maji ndani yake. Vikilowekwa mara moja katika lita 2 za maji hadi chumvi ya ndani na ya nje ilingane, samaki atabakiwa na karibu gramu 6 za chumvi kati ya zile 45. Lakini lita 2 hizo hizo zikigawanywa mara mbili, lita 1 kwanza, ikamwagwa, kisha lita 1 nyingine, kitakachobaki ni chini ya gramu 3. Maji ni kiasi kile kile. Kilichobadilika ni kwamba ya kwanza yaliondolewa pamoja na chumvi yake. Jikoni matokeo hayawi makamilifu hivyo, kwa kuwa vipande vinene huchelewa kufikia mlingano, lakini kanuni haibadiliki.

Kuchagua na kuloweka

Kazi huanzia sokoni. Ng'onda mzuri huwa mkavu na mgumu, na harufu yake ni ya samaki mkavu, si ya uozo. Samaki mwenye utelezi, mwenye madoa ya rangi ya waridi au wekundu juu ya nyama, au ambaye nyama yake inaachana na mifupa kwa kuguswa tu, ameanza kuharibika na hafai kununuliwa. Wekundu huo husababishwa na vijidudu vinavyoweza kuishi ndani ya chumvi, hivyo kuongeza chumvi hakuuondoi.

Nyumbani, samaki hukung'utwa chumvi iliyoganda juu yake, akasuuzwa haraka, kisha akakatwa vipande vya upana wa vidole viwili. Ukataji huu hufanywa kabla ya kuloweka, si baada yake, kwa sababu chumvi iliyo katikati ya kipande kinene ina safari ndefu ya kutoka. Kipande kikipungua unene, muda wa kuloweka nao hupungua sana.

Vipande hutiwa katika bakuli kubwa, na kwa gramu 300 za samaki hutumika angalau lita 1 ya maji baridi kila mara. Maji ya moto hayafai mwanzoni, kwa kuwa huivisha nyama ya juu, ikakaza kabla ya nyama ya ndani kulainika. Kwa vipande vyembamba, maji humwagwa na kubadilishwa kila baada ya dakika 30 hadi 40, mara tatu. Vipande hugeuzwa kila maji yanapobadilishwa, na chumvi iliyotuama chini ya bakuli huoshwa.

Nyumba yenye jokofu inaweza kuloweka vipande vinene usiku kucha ndani ya jokofu, ikibadilisha maji kabla ya kulala na tena asubuhi. Nyumba isiyo na jokofu haishauriwi kufanya hivyo. Chumvi ndiyo iliyokuwa ikizuia vijidudu. Ikishatoka na nyama ikiwa imevimba kwa maji, samaki huyo huharibika kama samaki mbichi, na joto la mwambao huharakisha uharibifu huo. Bila jokofu, njia salama ni kukata vipande vyembamba zaidi, kuloweka kwa takribani saa 2 kwa jumla, kisha kuchemsha mara moja bila kusubiri.

Kuchemsha na kuonja

Kuchemsha humalizia kazi ya kuloweka, kwa sababu joto huharakisha chumvi kutoka. Vipande huwekwa katika sufuria yenye maji mapya ya baridi, vikafikishwa kwenye mchemko, kisha vikaachwa vitokote taratibu kwa dakika 10. Moto mkali hauhitajiki, maana huvunja vipande. Maji hayo humwagwa na hayatumiki kuwa supu ya mchuzi, kwani kuyarudisha ni kurudisha chumvi iliyokwisha kutolewa. Wala hayafai kupewa kuku, kwa kuwa chumvi nyingi huwadhuru.

Hapo ndipo mpishi huonja, na mahali pa kuonja si popote. Huchaguliwa kipande kinene kuliko vyote, kikapasuliwa, na nyama ya katikati kabisa ndiyo inayoonjwa. Nyama ya juu hudanganya, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia kupoteza chumvi. Ikiwa katikati bado ni kali kiasi cha kumfanya mtu atafute maji ya kunywa, vipande hurudishwa katika maji mapya na kuchemshwa dakika 10 nyingine. Ikiwa nyama ina ladha ya chumvi ya samaki aliyepikwa kawaida, kazi imekamilika. Samaki aliyepitiliza hutambulika kwa nyama iliyopooza ladha na inayosambaratika kuwa unga.

Papa mkavu ana jambo lake la ziada. Nyama yake hutoa harufu kali inayochoma pua, nayo hupungua kwa kuloweka na kuchemsha kwa namna ile ile. Baada ya kuchemshwa, ngozi yake ya kukwaruza husuguliwa ikatoka kwa urahisi. Ndimu husaidia kuikata harufu hiyo, lakini haitoi chumvi, hivyo haiwezi kuchukua nafasi ya kubadilisha maji.

Kumtia samaki mchuzini

Samaki aliyechemshwa huchambuliwa miiba na kuwekwa kando. Mchuzi huanza kwa vitunguu, nyanya na kitunguu saumu, pamoja na bilinganya au bamia kwa anayependa, na hupikwa kwa tui la pili bila chumvi yoyote. Samaki huingizwa mboga zinapokaribia kuiva, akatokota humo dakika 10 ili atoe ladha yake na chumvi iliyosalia. Tui la kwanza hufuata, kisha ukwaju, ndimu au embe mbichi. Ni baada ya tui hilo kuchanganyika ndipo mchuzi huonjwa kuamua kama unahitaji chumvi, na mara nyingi hauhitaji. Viungo vya pakiti na vidonge vya supu navyo huepukwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya vitu hivyo ni chumvi.

Mchuzi ukiwa umeshakuwa na chumvi nyingi, baadhi ya wapishi huongeza viazi wakiamini vitainyonya. Viazi hunyonya mchuzi pamoja na chumvi yake, na anayevila huila chumvi hiyo. Ukali hupungua kwa kuongeza tui au nyanya zisizo na chumvi, na kugawa kitoweo hicho kwa walaji wengi zaidi hupunguza chumvi anayokula kila mmoja.

Yasiyoondolewa na maji

Kuloweka hupunguza chumvi, lakini hakumrekebishi samaki aliyeoza kabla ya kukaushwa. Jodari na vibua, wakikaa juani bila barafu kabla ya kutiwa chumvi, hujenga ndani ya nyama kemikali iitwayo histamini, ambayo haiharibiwi kwa kuchemshwa wala haitegemewi kutoka kwa kuloweka. Anayekula samaki wa namna hiyo huweza kupata wekundu usoni, mwasho, maumivu ya kichwa au kutapika muda mfupi baada ya mlo. Nyama yenye ladha ya kuchoma ulimi kama pilipili wakati wa kuonja ni dalili ya kuacha kumla samaki huyo, na mwenye dalili hizo apelekwe kituo cha afya.

Vilevile, ulimi hauwezi kupima gramu. Samaki aliyelowekwa vizuri bado ana chumvi kuliko samaki mbichi, na ulimi uliozoea chumvi nyingi huona kiasi hicho ni kidogo. Kwa mwenye shinikizo la damu au maradhi ya figo, ni vyema vipande vibadilishiwe maji mara moja zaidi, sehemu yake iwe ndogo, na afuate ushauri wa mhudumu wake wa afya kuhusu mara anazoweza kula kitoweo hicho. Kwa familia ya mfano, gramu 3 zilizosalia zikigawanywa kwa watu sita ni nusu gramu kwa kila mmoja, mahali pa zile gramu 7.5 ambazo wangekula kama samaki hangelowekwa.